Uzi: Natafuta jina la podikasti ya pesa kwa wanaoanza, mtu akilisikia aweze kulitafuta na kulipata

Dada_wa_Nzuguni (mwanzisha uzi), Jumatatu saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Dodoma, Nzuguni. Nimekaa dirishani kwenye ushirika wa akiba na mikopo miaka sita, sasa naendesha duka la vifaa vya shule. Shoga yangu ni wakala wa miamala ya simu pale Sabasaba. Tumeamua kuanzisha podikasti ya tabia za pesa kwa watu ambao ndio wanaanza: aliyepata mshahara wa kwanza, dereva wa boda anayepokea hela kila siku na kila siku inaisha, binti wa saluni ambaye hajawahi kuandika matumizi yake.

Tumesharekodi vipindi vinne, kila kimoja kama dakika 25. Kilichotukwamisha ni jina. Tulianza na "Fedha Fasaha" na nikampa mdogo wangu kazi ya kava. Juzi nikarusha klipu ya dakika moja kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wakaipenda, wakaanza kuniuliza "kinaitwaje tena hicho, nimetafuta sikioni". Watu tisa wameniuliza hivyo. Kipindi kipo Spotify na YouTube wiki ya pili sasa!

Majina mengine tuliyonayo mezani: Bajeti Yangu, Mpunga Mezani, Mchicha na Mbuyu, na Kibubu Changu. Shoga yangu anataka Mchicha na Mbuyu kwa sababu mibuyu ndiyo Dodoma yenyewe, na methali kila mtu anaijua. Mimi sijui nataka nini. Nisaidieni, ila sababu iwepo, si "hili tamu" tu.

Msomi_wa_Kikuyu, saa 2:31 usiku

Dada, kabla ya yote nenda BRELA ukasajili jina la biashara, halafu angalia kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 zinasemaje kuhusu leseni ya TCRA. Watu wanaanzisha vitu mitandaoni bila kujua.

Dada_wa_Nzuguni, saa 2:36 usiku

Asante kaka, hilo tunalifuatilia na litapata siku yake. Hapa nauliza jina lenyewe. Nikisajili jina ambalo watu hawawezi kuliandika nitakuwa nimesajili tatizo.

Mstaafu_Makole, saa 2:50 usiku

Mwanangu, hili ni jepesi. Mtu akitafuta anaandika maneno, na kompyuta inatafuta maneno. Kwa hiyo weka maneno yote kwenye jina. "Pesa, Fedha, Hela, Akiba, Mikopo, Vikoba na Biashara kwa Wote." Akiandika lolote kati ya hayo anakukuta. Mambo ya mchicha waachie akina mama sokoni Majengo.

Boda_Changombe, saa 3:02 usiku

Mzee hahaha, nitamwambiaje abiria jina hilo niko kwenye mwendo? Tutafika Mtumba sijamaliza kulitaja.

Ila dada kimbia hiyo Mpunga Mezani. Sisi kijiweni tulianzisha kikundi cha kuchangiana, tukakiita Mpunga Grupu, tukafungua ukurasa na namba ya simu tukaweka. Mpaka leo napigiwa na watu wanauliza gunia shilingi ngapi, kuna mmoja alitaka mbegu. Nimemweleza mpunga maana yake pesa, akanikatia simu.

Fundi_Sauti_Dom, saa 3:40 usiku

Nimefanya kazi ya redio kwa muda mrefu na siku hizi nawapandishia watu podikasti zao, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Dada, jambo la kwanza ni kuelewa msikilizaji wako anakufikiaje. Hakai akasoma jina lako kwenye bango. Analisikia: kwenye klipu iliyorushwa grupuni, kwenye daladala, kwa rafiki yake. Kisha baadaye, labda kesho yake, anachukua simu na kuliandika jinsi alivyolisikia. Jina lako lazima livuke daraja hilo la kutoka sikioni hadi kwenye vidole. "Fedha Fasaha" linaanguka mara mbili. Hiyo *dh* wengi wanaitamka na kuiandika *z*, na hiyo *h* katikati ya fasaha wengine wanaimeza. Mtu akiandika "feza fasaa" ametoka nje ya jina lako kwa maneno yote mawili. YouTube inaweza kumsaidia kukisia, lakini kukisia kunahitaji jina ambalo limeshatafutwa sana. Jina jipya la wiki mbili halina historia ya kukisiwa.

Usiniamini mimi. Fanya hivi: chukua watu kumi au kumi na mbili ambao hawajui mradi wako. Warekodie sauti ukilitaja jina mara moja tu ndani ya sentensi, si kwa kulivutavuta. Waambie wakuandikie walichosikia. Usisahihishe. Siku ya pili waulize tena, bila kuwakumbusha, jina lilikuwa lipi na wanadhani kipindi kinahusu nini. Fanya kwa kila jina, ila watu wasipewe majina yote kwa pamoja. Matokeo yalete hapa.

Mzee wangu wa Makole ana nusu ya ukweli. Kichwa cha kipindi kweli ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kwenye utafutaji, pamoja na jina la mwenye kipindi na vichwa vya vipindi kimoja kimoja. Lakini kuyarundika maneno kumeshakatazwa. Apple wamesema wazi kwamba kipindi chenye rundo la maneno ya kutafutia kwenye kichwa kinaweza kuondolewa. Na hata kisipoondolewa, nani ataliamini duka lenye bango la bidhaa ishirini?

Mstaafu_Makole, saa 3:55 usiku

Nimekuelewa kijana. Lakini neno la pesa lazima liwemo mahali. Hapo sitoki.

Fundi_Sauti_Dom, saa 4:01 usiku

Na usitoke mzee, hapo uko sahihi. Tutafika.

Mwalimu_Kondoa, Jumanne saa 12:20 asubuhi

Nimesoma uzi huu nikiwa nasubiri chai. Niongeze jambo la lugha ambalo naona linasahaulika. Ukiita kipindi "Pesa Yangu", nusu ya watu wataandika "Pesa Zangu". Wote wako sahihi, kwa sababu neno pesa halibadiliki likiwa moja au mengi, na upatanisho unakwenda kwa nia ya msemaji. Vivyo hivyo hela na fedha. Mlikuwa na bahati kuleta Kibubu Changu. Kibubu kimoja ni changu, hakuna anayesema "kibubu yangu" isipokuwa mtoto. Jina linafunga mlango wa pili.

Bajeti Yangu lina mlango uleule wa pesa, "bajeti zangu", ingawa ni mwembamba.

Fundi_Sauti_Dom, saa 1:05 asubuhi

Mwalimu, hilo sikuwa nimelifikiria na nimefanya kazi hii miaka. Nalichukua.

Bajeti Yangu lina shida kubwa zaidi, tena sisi wa Dodoma tungekuwa wa kwanza kuiona. Kuanzia Aprili mji unajaa, nyumba za wageni zinapanda bei, Bunge la bajeti liko kazini mpaka mwisho wa Juni. Kipindi hicho chote mtu akiandika "bajeti" anakutana na hotuba, na wizara, na wabunge, na uchambuzi wa kodi. Magazeti na televisheni zote ziko kwenye neno hilo. Wewe na shoga yako na maikrofoni yenu mtakaa ukurasa wa ishirini. Na Julai vumbi likitulia, zile habari za zamani bado ziko palepale.

Binti_wa_Mvumi, saa 1:30 asubuhi

Na "akiba" je? Mimi ningependa Akiba Kwanza.

Boda_Changombe, saa 1:34 asubuhi

Akiba utaletewa wachezaji wa benchi. Andika "akiba" siku ya mechi ya watani uone.

Fundi_Sauti_Dom, saa 1:50 asubuhi

Boda anacheka lakini ndivyo ilivyo. Bila kusahau benki yenye neno hilo kwenye jina lake, na akiba ya chakula. "Mfuko" nalo liko hivyo, utamezwa na mifuko ya hifadhi ya jamii. "Noti" utaletewa noti za kidato cha nne. Neno linaweza kuwa zuri mdomoni na likawa lina wenyewe kwenye simu.

Lakini sikilizeni, si kila mgongano ni mbaya. Anayeandika "mpunga" anatafuta mbegu, hana habari na wewe, hata akikuona anapita. Anayeandika "kibubu" anatafuta nini? Nimejaribu asubuhi hii: wanaouza vibubu vya mbao, na watu wanaojipiga picha wakivunja chao mwisho wa mwaka. Huyo mtu anataka kununua kisanduku cha kuwekea hela. Ndiye yuleyule ambaye dada anamtafuta! Hapo kugongana kuna faida.

Mstaafu_Makole, saa 3:10 asubuhi

Hapana, hapana. Kibubu ni pesa iliyolala. Mimi nimeona watu wamevunja kibubu baada ya miaka mitatu wakakuta noti zimeliwa na mchwa, na zilizosalia hazinunui mifuko ya saruji waliyokusudia. Kipindi cha elimu ya pesa kikiitwa Kibubu kinawafundisha watu kufungia hela chini ya kitanda. Jina nalo ni somo.

Dada_wa_Nzuguni, saa 3:25 asubuhi

Mzee shikamoo. Hoja yako imenigusa kwa sababu kipindi chetu cha kwanza tunasema karibu hayohayo: kibubu ni cha kujizoeza mkono, hela ikifika kiasi fulani inahama. Lakini nakubali mtu anayeona jina tu hatasikia hiyo dakika ya kumi na mbili.

Fundi, naanza jaribio leo. Nina watu wa soko, wazazi wa shule wanaokuja dukani, na vijana wa chuo waliopanga jirani.

Mstaafu_Makole, saa 3:28 asubuhi

Marahaba mwanangu.

Dada_wa_Nzuguni, Ijumaa saa 1:40 usiku

Nimerudi. Watu 12 kwa kila jina, watu tofauti, kwa hiyo nimewasumbua 36. Niliacha Bajeti na Mpunga, mlishazizika.

*Fedha Fasaha.* Walioandika sawasawa ni 5. Wawili waliandika "feza fasaha", watatu "fedha fasaa", mmoja "hela fasaha" (huyu sijui alisikia nini). Wa mwisho ni mama mmoja wa Nkuhungu, aliniandikia "fedha za saa". Nikamuuliza siku ya pili kipindi kinahusu nini, akasema ni kuhusu vibarua wanaolipwa kwa saa. Nilicheka lakini kosa si lake. Kava la mdogo wangu ndiyo basi tena.

*Mchicha na Mbuyu.* Hapa nilishangaa. Wote 12 waliandika bila kosa! Siku ya pili 9 walikumbuka, ingawa wanne kati yao waligeuza, "Mbuyu na Mchicha". Shoga yangu alianza kushangilia. Kisha nikauliza kinahusu nini. Watano walisema lishe au mapishi, wawili kilimo, mmoja akasema hadithi za watoto. Waliosema pesa au biashara ni wanne tu, na wote hao walinitajia methali wenyewe.

*Kibubu Changu.* 11 waliandika sawa, mmoja "kibubu chango". Siku ya pili 8 walikumbuka jina zima, watatu walikumbuka "kibubu" tu, mmoja akasema "kibubu chetu". Kinahusu nini: 11 walisema kuweka hela. Yule mwingine alisema ni useremala.

Binti_wa_Mvumi, saa 1:52 usiku

Useremala jamani.

Fundi_Sauti_Dom, saa 2:20 usiku

Umefanya kazi nzuri kuliko wateja wangu wanaolipa. Ona tofauti ya makosa yenyewe. Mchicha na Mbuyu linakumbukwa na linaandikika, ila halielezi. Ukiwa tayari una jina kubwa unaweza kujiita chochote, watu watakutafuta kwa jina. Anayeanza hana hiyo. Mtu mwenye shida ya pesa saa tano usiku haandiki mchicha.

Mgeuzo wa maneno usiuogope sana, "mbuyu mchicha" na "mchicha mbuyu" utafutaji unaweza kuvikuta vyote. Kosa la herufi linaumiza zaidi.

Sasa waangalie hao watatu wa "kibubu" tu. Hao ndio pengo lako. Wakiandika neno hilo peke yake watakutana na maseremala kwanza, na wewe hutakuwepo. Kwa hiyo jina la kutamkwa liwe Kibubu Changu, na baada yake uweke maneno machache ya wazi, yale ambayo mzee wa Makole alikuwa anayapigania. Hapo kwenye mlisho wa RSS, yaani faili ambalo Spotify na Apple wanalisoma kupata kipindi chako, kule unakopandishia, panaonekana hivi:

```
<title>Kibubu Changu: Pesa kwa Anayeanza</title>
<itunes:author>jina lako na la shoga yako</itunes:author>
```

Jina la kutamkwa litangulie, kwa sababu kwenye simu ndogo kichwa kirefu kinakatwa mkiani. Kikikatwa, kikatwe maelezo, si jina. Na kwenye sehemu ya mwandishi andika majina yenu halisi ya kutangazia, usiweke "Timu ya Kibubu". Watu wa Sabasaba wanamjua wakala wao kwa jina, watalitafuta hilo.

Boda_Changombe, saa 2:33 usiku

Hiyo "kwa Anayeanza" mimi inanikera. Niko barabarani miaka minane, sianzi kitu. Hela ndiyo inayoanza kuisha. Nikiona kipindi cha wanaoanza napita.

Mwalimu_Kondoa, saa 2:41 usiku

Tena herufi zimebanana, *anayeanza*. Wanafunzi wangu wanaliandika "anaeanza" kila siku.

Dada_wa_Nzuguni, saa 2:50 usiku

Na nikitaka jina la akaunti PesaKwaAnayeanza kule X linakataa, lina herufi 16 na wao mwisho ni 15. Nimejaribu leo. Kibubuchangu ni 12, linaingia kila mahali.

Fundi_Sauti_Dom, saa 3:15 usiku

Boda ana hoja kuliko anavyojua. Anayeanza hajiiti anayeanza. Hakuna anayechukua simu akaandika "pesa kwa anayeanza". Anaandika shida yake kama anavyomwambia mtu. Fungua kisanduku cha YouTube, andika "jinsi ya ku" halafu simama uone kinachoshuka chini, kisha ongeza herufi moja moja: "kut", "kuw". Kwangu "jinsi ya kutunza pesa" ilikuja kabla sijafika mbali. Nilipoandika "elimu ya fedha binafsi", ambayo ndiyo tunayoandika kwenye maandiko ya miradi, sikuletewa pendekezo lolote. Fanya hilo kwenye dirisha la faragha, au kwa simu ya mtu mwingine, maana simu yako imeshakuzoea na itakuonyesha unachokipenda.

Kisha angalia kama jina lenyewe lina mwenyewe. Weka alama za kunukuu ili yatafutwe maneno yote mawili yakiwa pamoja:

```
"kibubu changu" podikasti
site:youtube.com "kibubu changu"
```

Na utafute ndani ya Spotify na Apple Podcasts zenyewe, usitegemee Google peke yake.

Mimi ningependekeza "Kibubu Changu: Kuanza Kutunza Pesa". Neno kuanza limebaki, lakini sasa linaelezea tendo, halimbandiki mtu.

Mstaafu_Makole, saa 3:30 usiku

Pesa imo. Nimeridhika na hilo. Kibubu bado sijakubali.

Binti_wa_Mvumi, saa 3:37 usiku

Mimi ningebaki na "kwa Anayeanza". Nimeajiriwa miezi mitatu, naanza, sioni aibu. Ningeona hilo ningejua ni langu. "Kutunza pesa" kila mtu anasema.

Dada_wa_Nzuguni, Jumamosi saa 4:10 asubuhi

Nimelala na haya. Swali la kweli sasa: vipindi vinne viko hewani kwa jina la Fedha Fasaha. Nikibadilisha nitawapoteza wale 40 na kitu wanaofuatilia?

Fundi_Sauti_Dom, saa 4:45 asubuhi

Hapana, ilimradi usifungue kipindi kipya. Hilo ndilo kosa la wengi, wanaanza upya kabisa na waliokuwa wanawafuata wanabaki kwenye kaburi. Ingia kulekule unakopandishia, badilisha kichwa, badilisha kava, acha anwani ya mlisho ileile. Wafuatiliaji wanafuata anwani, hawafuati jina. Spotify na Apple watasoma mabadiliko wenyewe; lipe siku moja au mbili kabla ya kuanza kulalamika. Ikiwa ndani ya anwani kuna neno fedhafasaha, liache, hakuna msikilizaji anayeliona. Kwenye klipu za mwanzo wa kila kipindi sema kwa mwezi mmoja hivi: "Kibubu Changu, zamani Fedha Fasaha".

Na sasa lile ambalo nilikuwa nalingoja. Nimeingia nikaona vichwa vya vipindi vyenu. Cha tatu kinaitwa "Sehemu ya 3: Mazungumzo na Wakala". Nani duniani atakitafuta hicho?

Dada_wa_Nzuguni, saa 4:58 asubuhi

Ah. Humo shoga yangu anaeleza mtu anayetoa elfu tano tano mara nyingi kwa mwezi anavyolipa makato mengi kuliko anayetoa mara moja. Ndicho kipindi chetu kizuri kuliko vyote na ndicho kimesikilizwa kidogo kuliko vyote.

Fundi_Sauti_Dom, saa 5:12 asubuhi

Hicho ulichoandika sasa hivi ndicho kichwa. "Kutoa hela kidogo kidogo kwa wakala: makato yanavyokula mfuko wako." Wakala, makato, kutoa hela, maneno matatu ambayo mtu anayaandika kwa hasira akishaona ujumbe wa muamala. Humo nimeweka *hela* makusudi, kwa kuwa *pesa* tayari iko kwenye kichwa kikuu. Namba ya kipindi itoe kwenye kichwa, ina sehemu yake:

```
<itunes:episode>3</itunes:episode>
```

Jina la podikasti ni moja na litafanya kazi moja: kukumbukwa na kuandikika. Kutafutwa kwa shida mbalimbali ni kazi ya vichwa vya vipindi, na hivyo unavipata vipya kila wiki. Ndiyo maana nasema usilibebeshe jina kila kitu.

Mstaafu_Makole, saa 5:40 asubuhi

Basi kuwe na kipindi kimoja kiitwacho "Hasara za kuweka hela kwenye kibubu". Nitakuja kuzungumza mwenyewe.

Dada_wa_Nzuguni, saa 5:44 asubuhi

Mzee nakushika hapo hapo! Nitakutumia ujumbe.

Basi tumekaa na shoga yangu, ameukubali mchicha ufe, ila amesema mbuyu utachorwa kwenye kava, hilo halijadiliwi. Jina ni Kibubu Changu. Maneno yanayofuata jina bado tunavutana, yeye yuko na Binti wa Mvumi, mimi niko na Boda. Na Instagram kibubuchangu lina mtu tayari, picha mbili za mwaka juzi. Tutaongeza podi mwishoni labda, kibubuchangupodi, ingawa linasikika kama jina la dawa.

Boda_Changombe, saa 7:20 mchana

Nimelijaribu kijiweni hapa Chang'ombe, pikipiki zinawaka. Nimewatajia wanne. Watatu wameandika sawa. Wa nne ameandika "kibuyu changu".

Dada_wa_Nzuguni, saa 7:31 mchana

Nimetafuta "kibuyu changu" sasa hivi. Nimeletewa mganga.

Fundi_Sauti_Dom, saa 7:50 mchana

Liandike kwenye sehemu ya lebo za video kule YouTube, "kibuyu changu", kwa kila kipindi. Wenyewe YouTube wanasema lebo hazisaidii sana isipokuwa kwa maneno ambayo watu wanayakosea kuandika. Ndiyo kazi yake hiyo.

Mwalimu_Kondoa, saa 8:05 mchana

Na atakayemtaka mganga?

Boda_Changombe, saa 8:06 mchana

Naye atakuwa na shida ya hela tu mwalimu, asikilize.